Alama za Vidole Zisiposomeka

Ndugu Wenyeviti na Makatibu wa vyama vya msingi,

Tangu Mei 2019, usajili wa laini za simu nchini ulipoanza kufanywa kwa alama za vidole, mchumaji wa karafuu na mkulima wa mwani wamekuwa wakisimama mbele ya mashine isiyowatambua. Jawabu wanalopewa mara nyingi ni "rudi kesho". Jawabu hilo halitoshi.

Yafaa karani atambue kwanza ni ngozi ya namna gani iliyo mbele yake. Mchambuaji wa karafuu hukandamiza vishada kiganjani usiku kucha; mistari ya ngozi yake husagika na utomvu hujaza mabonde yake. Mkulima wa mwani hutoka baharini na vidole vilivyonyauka kwa maji. Mzee naye ana ngozi kavu, nyembamba na iliyolegea. Picha iliyofifia na kukatikakatika huonyesha ukavu. Iliyo nyeusi tupu huonyesha unyevu uliozidi, au mkono uliokandamiza mno.

Chukueni mfano wa bibi wa miaka sabini na miwili, mchambuaji wa Micheweni. Karani apanguse kioo cha mashine, kwani mafuta ya waliotangulia huacha vivuli. Bibi anawe kwa sabuni, ajikaushe, kisha apakwe mafuta kidogo sana na kupanguswa, ili unyevu ubaki ndani ya ngozi tu. Karani, kwa idhini yake, amshike kidole na kukilaza bapa bila kukikokota. Wengi hugusisha ncha tu, ilhali sehemu yenye habari nyingi ni ya katikati. Vidole vyote kumi vijaribiwe. Cha pete na kidogo huenda vikawa vizima, maana havikufanya kazi sana. Mkulima wa mwani hahitaji mafuta: na akae kivulini mpaka vidole vinyooke.

Siku ya kwanza ya usajili ndiyo ya kufanyiwa subira. Picha mbovu ikikubaliwa siku hiyo ili foleni isonge, bibi atakataliwa kila anapohakikiwa baadaye, hata vidole vyake vikiwa safi, kwa sababu hulinganishwa na ubovu ule ule.

Mistari iliyosagika juu juu hurudi mkono ukipumzishwa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo Katibu mwerevu huwapeleka wanachama wake kabla ya msimu. Kovu la kisu lililozama halirudi, wala uzee hauna mapumziko. Kwa hao panatakiwa njia nyingine: picha ya uso, hati, mashahidi wanaomjua, na maandishi ya ofisa mkuu yanayotaja vidole vilivyoshindwa, ili asianze upya kila mara. India, inayosajili pia mboni za macho, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwaka 2018 kwamba asinyimwe mtu haki yake kwa sababu mashine imeshindwa kumsoma.

Makatibu wanaombwa waandike, kwa kila mwanachama aliyerudishwa, tarehe, ofisi, na vidole vilivyojaribiwa. Malalamiko ya mdomo hayana faili.