Kutawanya Hisa: Hatari Inayopungua na Ile Isiyoondoka

1. Utangulizi

Wanachama wa vikundi vya uwekezaji huuliza: tukiongeza hisa za kampuni nyingine, hatari itashuka kiasi gani, na itakomea wapi? Msingi wa jibu uliwekwa na Harry Markowitz mwaka 1952, alipoonyesha kwamba hatari ya mkoba hutegemea pia jinsi hisa zinavyoyumba kwa pamoja.

2. Hisa mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Faida ya hisa ya benki ina mkengeuko sanifu wa asilimia 30 kwa mwaka, ya saruji asilimia 20, na fedha zetu tumezigawa nusu kwa nusu. Varayansi ya mkoba, yaani mkengeuko wake ukizidishwa kwa wenyewe, ni:

σp² = w1²σ1² + w2²σ2² + 2·w1·w2·ρ·σ1·σ2

Hapa w ni sehemu ya fedha iliyowekwa katika kila hisa, na ρ ni kipimo cha uhusiano wa hisa hizo, kuanzia -1 hadi 1. Tuseme ρ ni 0.2. Benki inachangia 225, saruji 100, na uhusiano wao 60. Jumla ni 385, ambayo kipeuo chake cha pili ni 19.6. Mkoba sasa unayumba kidogo kuliko hata saruji peke yake. Lakini ρ ingekuwa 1, tungepata 25, ambayo ni wastani mtupu wa 30 na 20, na kutawanya kusingetusaidia chochote.

3. Mahali hatari inapokomea

Sasa tuwe na hisa nyingi, kila moja ikiwa na mkengeuko wa asilimia 30, na ρ ya kila jozi ikiwa 0.3. Hisa mbili zinatupa asilimia 24.2, kumi 18.2, na mia 16.6. Hata tukinunua elfu, hatutashuka chini ya 16.4. Kilichoyeyuka ni matatizo ya kampuni mojamoja, kama mitambo kuharibika au meneja kuiba. Kilichobaki ni yale yanayozigusa zote: riba, sarafu, mtikisiko wa uchumi. Hiyo ndiyo hatari ya soko.

Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha biashara kwa muda baada ya fahirisi ya NSE 20 kuporomoka kwa zaidi ya asilimia 5. Siku za namna hiyo ρ hupanda, hivyo makadirio ya miaka tulivu huonyesha kinga kubwa kuliko iliyopo.

4. Pendekezo

Kikundi kikokotoe ρ kabla ya kununua hisa mpya, kwani benki tano zinaweza kuyumba kama benki moja. Hatari ya soko ipunguzwe kwa uamuzi mwingine: sehemu gani ya fedha iingie kwenye hisa, na sehemu gani ibaki kwenye dhamana za serikali za muda mfupi.