Daftari la Nchi na Gunia la Suam

Tuanze na mbolea. Tuseme mwagizaji ananunua mfuko mmoja ng'ambo kwa dola 30. Mnamo Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, basi mfuko ulitaka shilingi 4,800. Kufikia katikati ya mwaka huo dola ilishuka hadi karibu shilingi 130, na mfuko ule ule ukataka 3,900. Usafiri na faida ya mwenye duka hatujaweka. Mbolea ni ile ile, dola ni zile zile 30. Kwa nini basi?

Jibu limo katika daftari liitwalo urari wa malipo. Humo huandikwa pesa zote zinazoingia nchini kutoka nje na zinazotoka. Zinazoingia ni za chai, maua, watalii, na zile watoto wetu walio ng'ambo hutuma nyumbani, ambazo mwaka 2023 zilipita dola bilioni 4, kuliko chai kwa mbali. Zinazotoka hulipia mafuta, mitambo, mbolea na riba za madeni. Kenya hununua kuliko inavyouza, kwa hivyo pengo huzibwa kwa mikopo na wawekezaji, au kwa kuchota akiba ya dola iliyo Benki Kuu.

Sasa, mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa mwaka 2014 ulitakiwa kulipwa Juni 2024. Watu waliogopa dola zitakosekana; wenye nazo wakazikalia, bei ikapanda. Februari 2024 serikali ilipata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5, ikalipa sehemu kubwa ya ule wa zamani, na hofu ikatulia. Deni halikuisha, jamani. Lilisogezwa mbele tu, tena kwa riba ya juu zaidi.

Na sisi hapa Endebess tumo daftarini? Hapo pana vituko. Kila jambo linatakiwa kuandikwa mara mbili: bidhaa iliyoingia, na malipo yaliyotoka. Tuseme mtu analeta magunia 10 ya mahindi kutoka Uganda kupitia njia za panya karibu na Suam, analipa shilingi 30,000. Forodha haikuona kitu. Muuzaji akizipeleka benki kubadilisha ziwe dola, malipo yataonekana lakini mahindi hayataonekana. Pande mbili hazilingani, na wahasibu huweka tofauti hiyo katika mstari uitwao makosa na yaliyoachwa. Mstari huo ukivimba, wajue kuna biashara wasiyoiona.

Lakini muuzaji yule akizitumia Kitale kununua sabuni na mabati, akavuka nayo kimyakimya, hakuna upande ulioandikwa. Daftari litalingana vizuri kabisa, na bado si kweli. Ndiyo maana Uganda, tangu miaka ya 2000, huweka watu mipakani wahesabu kwa macho mizigo ya kichwani, ya baiskeli na ya pikipiki.