Katoni na Kipande: Kuhesabu Bidhaa za Duka kwa Skana

Skana ya msimbopau ikiunganishwa na simu hufanya kazi kama kibodi: husoma mistari, kisha huandika tarakimu zake. Ijaribiwe kwanza kwenye ukurasa mtupu. Tarakimu zikitokea bila mstari kuruka, skana haitumi Enter. Kijitabu chake huwa na msimbo wa kurekebisha hilo.

Hesabu huharibika zaidi kwenye katoni. Kipande cha sabuni kwa kawaida huwa na msimbo wa tarakimu 13, ilhali katoni yake mara nyingi hubeba msimbo mwingine, wa tarakimu 14. Tuseme duka lililoishiwa sabuni limepokea katoni 5 za vipande 24. Mwenye duka akasoma msimbo wa katoni. Programu ikasajili bidhaa mpya, idadi 5. Zikiuzwa sabuni 30, upande wa vipande huonyesha hasi 30, na zile "bidhaa" 5 hazipungui kamwe. Rafuni, kumbe, zimebaki 90.

Hasi ikionekana, mapokezi ndiyo yakaguliwe kwanza, kabla ya kumshuku muuzaji. Msimbo wa kipande ndio usajiliwe; mzigo ukifika, kisomwe kipande kimoja, kisha iandikwe 120.

Sukari inayofungwa dukani haina msimbo, hivyo ipewe namba fupi ya duka lenyewe. Na sabuni inayopelekwa nyumbani kwa mwenye duka nayo isomwe, jambo ambalo wengi hulisahau.