MLANGO WA GHALA UKIGOMA WAKATI WA MASIKA
(Maneno tuliyosema mkutanoni)

Ndugu wanachama,

Masika hapa Dakawa mbao hunywa maji zikavimba, mlango wa ghala la mpunga ukagoma. Basi mtu anakimbilia randa. Ngojeni kwanza! Tukiuranda leo, kiangazi mbao zitasinyaa, mwanya utabaki, na panya nao watajiandikisha uanachama.

Shikeni mlango upande wa kitasa, muunyanyue. Ukicheza juu na chini, basi bawaba zimelegea. Fungueni skrubu, jazeni tundu kwa njiti za kiberiti, kazeni tena.

Usipocheza, umevimba. Pakeni mkaa kwenye fremu, fungeni mlango, kisha fungueni. Palipoingia weusi ubaoni ndipo panaposugua. Pafuteni, halafu sugueni mshumaa hapo mpaka pateleze. Kipande cha sabuni kavu nacho kinafaa, ila sabuni huvuta unyevu. Mafuta ya kula hapana, yanashika vumbi. Ukikataa bado, pigeni msasa kidogo tu, hapo hapo penye weusi.

Kiangazi, mlango ukishakauka, tutapaka rangi kingo zote, hasa ule wa chini usioonekana, maana huko ndiko maji yanakoingilia.