Barua ya Banki kwa Mutoto Anayeenda Kusoma Inje
(Maneno yaliyosemwa katika mukutano wa wazazi na wasaidizi)



Leo nitazungumza juu ya karatasi moja tu, ile barua ya banki yenye kuonyesha kama mwanafunzi iko na feza ya kutosha. Nachukua mufano wa Uingereza, kwa sababu kesi ambayo nimeifuata mwaka huu ni ya kule. Inchi zingine ziko na sheria zao.

Binti wetu mumoja, aliyerudi kutoka Zambia na wazazi wake, alipata nafasi ya kusoma masteri ya mwaka mumoja katika muji ulio inje ya London. Sheria ya viza inamuomba aonyeshe feza ya kuishi ya miezi 9. Tangu Novemba 2025, kwa inje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi, yaani pauni 10,539. Karo yake ililipwa karibu yote, ilibaki pauni 2,000. Jumla: pauni 12,539. Siku tulipopiga hesabu, pauni moja ilikuwa dola 1.30, basi tulihitaji dola 16,301. Akaunti yake ilikuwa na dola 16,450 tangu tarehe 3 Juni. Tulifurahi sana.

Tarehe 1 Julai alileta barua. Ilikuwa nzuri, na muhuri na sahihi. Ilisema kwamba yeye ni muteja wa banki na kwamba akaunti yake iko na dola 16,450 leo. Neno “leo” ndilo shida. Uingereza haiulizi uko na ngapi leo. Inauliza kama ile feza ilikaa siku 28 mufululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiasi. Barua lazima iseme hivyo wazi, pamoja na jina kama lilivyo kwenye paspoti, namba ya akaunti, tarehe, jina na alama ya banki, na kiasi katika feza ya akaunti yenyewe. Banki zetu zimezoea kuandika ile karatasi fupi. Zisipoombwa haziandiki zaidi.

Nikamuomba alete pia orodha ya maingizo na matoko ya akaunti. Hapo njo nikaona: tarehe 17 Juni mama alipelekwa hospitali, binti akatosha dola 300, akazirudisha tarehe 19. “Lakini nilirudisha yote, ya,” akaniambia. Kweli, alirudisha. Lakini kwa siku mbili akaunti ilikuwa na dola 16,150, na hesabu ya siku ilikuwa imevunjika. Kosa lilikuwa langu pia. Nilimuambia asitumie ile feza, sikumuambia sababu.

Kisha kuna swala la kubadilisha feza. Dola hubadilishwa kuwa pauni kufuatana na bei ya siku ya kuomba viza, ile ya oanda.com, si bei ya kambiste wetu sokoni. Na siku ya kuomba ni ile unayolipa feza ya viza. Kama siku hiyo pauni ingefika dola 1.34, tungehitaji dola 16,802, na angekosa. Mwenye akaunti ya franka za Kongo anaangalia hatari hii mara mbili.

Baba mudogo wake akakubali kusaidia. Alitaka kuonyesha akaunti yake mwenyewe, akasema: “Miye si baba yake?” Kwetu ni baba, ndiyo. Kwa sheria yao, feza inakuwa ya mwanafunzi, au ya mama na baba mwenye kuzaa, au ya mulezi aliyetambuliwa na sheria. Ikiwa ni ya mzazi, inatakiwa cheti cha kuzaliwa na barua ya ruhusa. Wengi wetu tulirudi bila vyeti, kwa hiyo ni vema kuvitafuta mapema kortini. Na ninyi wasaidizi: feza iliyo katika akaunti ya chama haihesabiwi kuwa yake. Iingie kwake, na ikae.

Basi baba mudogo aliweka dola 700 katika akaunti ya binti tarehe 2 Julai, ikawa 17,150. Zile 700 nazo zinataka siku zake 28, kwa hiyo tulianza kuhesabu upya siku hiyo hadi tarehe 29. Tulichunga karatasi ya kuonyesha feza ilitoka wapi, kwani wanaweza kuuliza. Tarehe 30 banki iliandika barua mpya, yenye kusema kwamba kuanzia 2 hadi 29 Julai akaunti haikushuka chini ya dola 17,150. Ilikuwa kwa Kifaransa, basi mufasiri akaiweka katika Kiingereza, akaandika kwamba tafsiri ni sahihi, akatia jina, tarehe, sahihi na mahali pa kumupata.

Barua kama hii haidumu. Siku ya mwisho inayoonyeshwa isipite siku 31 kabla ya kuomba, yaani kwake mwisho ni 29 Agosti. Alilipa tarehe 6 Agosti, na mama yake akaambiwa kwamba hospitali, ikitokea tena, tutaitafutia feza mahali pengine.