Mmea Bora Shambani na Watoto Wake: Urithikaji katika Uchaguzi wa Mbegu za Mahindi



1. Tatizo

Mkulima anayejiwekea mbegu huchagua mahindi makubwa kuliko yote shambani, akayakausha na kuyapanda msimu unaofuata. Mara nyingi mavuno hurudi palepale. Si kwamba amekosea kuchagua makubwa. Shida ni kwamba ukubwa anaouona una vyanzo viwili, jeni na mazingira, na mbegu hubeba kimoja tu.

Hebu tuuangalie mmea wenyewe. Huenda umeota palipokuwa zizi la ng'ombe, au jirani zake wawili walikatwa na sota wakiwa wachanga, ukabaki na mwanga, maji na mbolea ya watatu. Hindi lake litakuwa nene na limejaa punje hadi nchani. Unene huo umetokana na nafasi, na nafasi hairithiwi.

2. Ushahidi wa Johannsen

Mtaalamu wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alilithibitisha jambo hili mwaka 1903 kwa maharage. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo uzao wa mmea mmoja hufanana kijeni. Alikuwa na koo 19 za namna hiyo, na wastani wa uzito wa punje ulitofautiana kati ya koo na koo, kuanzia miligramu 350 hivi hadi 640 hivi. Kuchagua ukoo wenye punje nzito kulileta faida. Lakini ndani ya ukoo mmoja, punje kubwa na punje ndogo zilizaa watoto wenye wastani uleule, kwa sababu tofauti zao zilitokana na mazingira peke yake.

3. Urithikaji na hesabu yake

Urithikaji ni sehemu ya tofauti kati ya mimea inayotokana na athari za jeni ambazo mzazi huweza kumpa mtoto. Hupimwa kuanzia 0 hadi 1. Si sifa ya mmea mmoja, bali ya kundi fulani katika mazingira fulani: mbegu zilezile zikipandwa kwenye shamba lenye rutuba isiyolingana, urithikaji hushuka. Siku za kuchanua huwa na urithikaji mkubwa kuliko mavuno, ambayo huguswa na karibu kila kinachotokea shambani.

Kanuni ni hii:

R = h² × S

S ni tofauti kati ya wastani wa mimea iliyochaguliwa na wastani wa shamba zima, h² ni urithikaji, na R ni faida itakayoonekana kwa watoto. Tuchukue mfano. Shamba lina wastani wa gramu 120 za punje kwa mmea, na mimea iliyochaguliwa ina wastani wa gramu 200. S ni gramu 80. Urithikaji wa mavuno ukiwa 0.2, faida ni gramu 16.

Hata hizo 16 hazipatikani zote. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na chavua iliyoangukia hindi tulilolichagua imetoka kwa mimea yoyote iliyokuwa jirani, mizuri na mibaya. Tumemchagua mama, baba hatukumchagua. Faida inabaki nusu, gramu 8, na wastani wa watoto ni gramu 128, si 200.

Kwa mahindi chotara kuna sababu nyingine. Nguvu yake hutokana na jeni tofauti zilizokutana katika mmea mmoja. Mmea ukizaa, jozi hizo hutengana na kupangika upya, na sehemu kubwa ya nguvu ile hupotea.

4. Mapendekezo

Kwanza, shamba la mbegu ligawanywe katika vipande vidogo vinavyolingana, na mimea bora ichaguliwe ndani ya kila kipande. Hapo mimea hushindana na wenzao wa udongo uleule. C. O. Gardner aliitumia njia hii Nebraska na kuripoti ongezeko la mavuno mwaka 1961. Mimea ya pembezoni na iliyo kando ya pengo iachwe.

Pili, mimea dhaifu na yenye magonjwa ikatwe mbelewele kabla haijamwaga chavua, ili uchaguzi uguse na upande wa baba.

Tatu, punje za kila hindi lililochaguliwa zigawanywe na kupandwa katika mistari yake, sehemu zaidi ya moja. Ukoo unaofanya vizuri kila mahali haukubebwa na bahati ya nafasi.

Mwisho, mbegu ya awali ipandwe kando ya ile iliyochaguliwa, msimu uleule. Watoto wakizidi kwa gramu 8 baada ya S ya 80, tumepata sehemu moja ya kumi. Kwa kuwa tulichagua mama tu, tunazidisha kwa 2 na kupata urithikaji wa 0.2. Misimu kadhaa ikipita bila tofauti yoyote, basi kundi hilo halina tofauti za kijeni za kutosha za kuchagulia sifa hiyo, au shamba linaificha tofauti iliyopo. Majaribio ya mistari katika sehemu kadhaa ndiyo yatakayotuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.