Ukurasa Mmoja kwa Mashine Moja: Daftari la Matengenezo na Uamuzi wa Kuiondoa Konsentreta Wodini



Sisi wa Namuwongo hatuwezi kulalamikia umbali. Karakana kuu ya Wizara ya Afya iko jirani yetu hapo Wabigalo, na fundi akihitaji mpira wa hewa au fyuzi, boda inafika mjini na kurudi kabla ya mchana. Hata hivyo kila hospitali ninayoijua ina kona yake, mara nyingi nyuma ya stoo au chini ya ngazi, ambapo mashine zimerundikana. Ukimuuliza fundi, atakwambia zinasubiri vipuri. Ukiuliza kipuri gani, na tangu lini, utafunguliwa kaunta buku yenye mistari kama huu: "Konsentreta, wodi ya watoto, ilikuwa mbovu, imetengenezwa."

Mstari huo ni wa kweli lakini haumsaidii mtu. Haumwambii fundi anayekuja zamu mashine ilikuwa na nini, wala haumwambii mkurugenzi kama fedha zitoke tena kwa mashine hiyo au zikanunue nyingine. Mada yangu ni kwamba kila mstari wa daftari uandikwe kwa kufikiria siku ambayo kifaa hicho kitaondolewa. Nitaeleza kwa kutumia kifaa kimoja tu, konsentreta ya oksijeni ya lita 5, kwa sababu nyingi ziliingia hospitalini mwetu wakati wa Korona, hasa baada ya wimbi la Juni 2021, na sasa zimezeeka kwa pamoja.

Kwanza tukumbushane inavyofanya kazi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Komprosa inavuta hewa kupitia vichujio na kuisukuma ndani ya mitungi miwili yenye chembechembe za zeolaiti. Zeolaiti inashika naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Mtungi mmoja unapofanya kazi, mwingine unatema naitrojeni nje, kisha inabadilishana zamu kila baada ya sekunde chache. Ule mpumuo unaousikia mashine inapofanya kazi ndio huo. Ikiwa nzima, inatoa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka 82 kuwa kiwango cha chini, na mashine nyingi hupiga kengele au kuwasha taa zikikaribia hapo.

Kwa hiyo mashine hii inaweza kunguruma vizuri, ikatoa upepo kwenye mrija, na mtoto akawa anapewa hewa isiyomsaidia vya kutosha. Kwa sikio na kwa mkono hutalijua hilo. Kinachohitajika ni kipimo cha kupima oksijeni inayotoka kwenye mashine, tena iwe imewashwa na kuachwa ipate moto kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. (Kile cha kubana kidoleni kinampima mgonjwa. Nimeshaona namba yake ikiandikwa kwenye safu ya mashine, na aliyeiandika alikuwa na nia njema kabisa.)

Sasa ukurasa wenyewe. Juu kabisa panakaa mambo yasiyobadilika: namba ya hospitali iliyobandikwa kwenye kifaa, modeli, namba ya kiwandani, tarehe ya kupokelewa na ilikotoka, iwe ni kununuliwa au msaada. Chini yake, kila huduma au hitilafu inapata mstari wake. Huu ni mfano nilioutunga kwa ajili ya semina. Mashine yake naiita OK-07:

Februari 2023. Imepokelewa. Mita ya saa 12. Kwa lita 5: asilimia 94.

Februari 2024. Huduma ya kawaida. Mita 5,010. Kwa lita 5: 92. Kichujio cha hewa kimebadilishwa.

Juni 2024. Sista: "inalia usiku." Mita 6,520. Kwa lita 5: 84. Sponji imeziba vumbi. Imeoshwa, imekaushwa, imerudishwa. Baada ya kazi: 90.

Januari 2025. Sista: "taa ya njano." Mita 9,640. Kwa lita 5: 79, kwa lita 2: 91. Hakuna uvujaji kwa povu la sabuni. Shinikizo la komprosa liko chini ya kiwango cha kitabu. Mipira ya komprosa imebadilishwa. Baada ya kazi, kwa lita 5: 86.

Mei 2025. Huduma ya kawaida. Mita 11,180. Kwa lita 5: 75, kwa lita 2: 81. Hakuna uvujaji. Vichujio ni safi. Shinikizo ni sawa na kitabu. Imesimamishwa.

Tuusome ukurasa huu pamoja. Mstari wa Juni 2024 una vipimo viwili, kabla na baada ya kazi. Bila vile viwili tungejua tu kwamba sponji ilioshwa. Sasa tunajua pia kwamba kuosha kulirudisha asilimia sita, na kwamba mashine haikurudi kwenye 92 yake ya Februari. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikichoka polepole. Fundi makini angeweka alama hapo, mashine ipimwe tena kabla ya huduma inayofuata.

Mstari wa Januari ndio ninaoupenda, kwa kuwa umepimwa kwa lita 5 na kwa lita 2. Mtiririko ukiwa mdogo, zeolaiti inapata muda wa kutosha, hata kama komprosa ni dhaifu. Mashine iliyo mbaya kwenye 5 na nzuri kwenye 2 inakuonyesha kwamba uwezo wake umepungua, na hapo unakwenda kwenye geji ya shinikizo kutafuta sababu. Shinikizo likiwa chini, na povu la sabuni halionyeshi mahali panapovuja, mshukiwa wa kwanza ni komprosa. Hapa fundi alibadilisha mipira yake na akapata 86, ambayo inaruhusu kazi lakini si ya kujivunia.

Ikafika Mei. Shinikizo ni zuri, hakuna uvujaji, vichujio ni safi, na oksijeni imeshuka hadi chini ya 82 hata kwa lita 2. Waliobaki kushukiwa ni zeolaiti yenyewe na vali za kubadilishia zamu. Vali zikikwama, mpumuo hubadilika na unasikika kwa sikio lililozoea. Mpumuo ukiwa wa kawaida, zeolaiti imechoka. Adui yake mkubwa ni unyevu, na sisi tunaoishi bondeni, karibu na mfereji wa Nakivubo na kinamasi chake, unyevu tunaujua. Konsentreta iliyokaa stoo miezi bila kuwashwa inaweza kuharibika zaidi ya ile inayofanya kazi kila siku. Ndiyo maana mita ya saa lazima isomwe kila mara: ukikuta miezi sita imepita na mita haijasogea, hiyo nayo ni habari ya kuandika.

Hapo ndipo uamuzi unapofikiwa. Fundi anachukua bei ya mitungi mipya ya zeolaiti, anaongeza bei ya komprosa ambayo tayari imeonyesha udhaifu, kisha anazilinganisha na bei ya mashine mpya. Kamati haihitaji kumwamini kwa sura yake, kwa sababu ukurasa uko mezani. Bila ukurasa huo, kikao kitaishia kwenye "ijaribuni tena", nayo mashine itarudi chini ya ngazi.

Kuhusu safu ya malalamiko, nina jambo moja. Yaandikwe kwa maneno ya sista mwenyewe, kisha kwenye safu nyingine kiandikwe kilichoonekana na fundi. Msizichanganye. Sista anasema "inalia usiku". Fundi anakuja asubuhi, anaiwasha, inatulia. Wengi wetu hapo hatuandiki kitu, kwa sababu hatukutengeneza kitu. Andika: "Kasoro haikuonekana." Halafu mwisho wa mwezi pitia mistari ya aina hiyo kwa kufuata wodi. Mashine tatu tofauti zikilalamikiwa kwenye kitanda kimoja, zote zinalia kuanzia saa mbili usiku mitaa inapowasha majiko na taa, acha kufungua mashine. Pima umeme wa soketi saa hiyo hiyo ya usiku. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 230 haifurahii kupewa 180, na komprosa inayohangaika kuanza kwa umeme hafifu hupata joto na kufa mapema. Kwa hiyo tia safu ya mahali: wodi, kitanda, na soketi ikiwezekana.

Tukishasema "imesimamishwa", kazi ya daftari haijaisha. Napendekeza hali tatu tu. "Imesimamishwa" ni kwamba imefungwa lebo nyekundu, imetolewa wodini na haiguswi. "Inasubiri kipuri" lazima iwe na jina la kipuri, tarehe kilipoagizwa na tarehe ya kuuliza tena. Tarehe hiyo ikipita mara mbili bila jibu, faili linakwenda kamati. "Imeondolewa" ni neno la kamati, si la fundi peke yake. Kwenye vituo vya serikali, uondoshaji wa mali unaongozwa na Sheria ya Ununuzi na Uondoshaji wa Mali za Umma ya 2003, na afisa masuuli ndiye mwenye kauli. Njia zinazoruhusiwa ni pamoja na mnada wa hadhara, kuhamishia taasisi nyingine ya umma na kuteketeza. Hospitali binafsi zina bodi zao. Kwa konsentreta isiyofikisha 82, mnada unanitia wasiwasi. Anayeinunua kwa bei ya chuma chakavu anaweza kuipaka rangi na kuiuzia kliniki ya mtaani, kwa sababu inanguruma na inatoa upepo. Ikitolewa, itolewe ikiwa imekatwa waya na mitungi imetobolewa, na hilo liandikwe.

Mwisho ni vipuri. Sote tunafungua mashine mfu kuokoa iliyo hai, na sioni ubaya wake, mradi kamati imeshaiondoa mashine hiyo. Ikifunguliwa kabla, kila kinachotolewa kinaipunguzia nafasi ya kupona, na baadaye hakuna anayejua kwa nini ilikufa. Feni ya OK-07 ikihamishiwa OK-11, kurasa zote mbili zipate mstari: huku "feni imetolewa, imekwenda OK-11", kule "feni imetoka OK-07, ikiwa imefanya saa 11,180". Feni hiyo ikikwama baada ya miezi mitatu, fundi wa OK-11 ataelewa kwamba hakuwahi kufunga feni mpya. Namba OK-07 nayo isipewe mashine nyingine. Ifungwe kwa tarehe na sahihi, na ukurasa ubaki ndani ya daftari.